Nina komwe na uso mrefu: nimenunua kofia tatu, zote zinaliacha paji nje. Tatizo ni nini?

Mwenda Feri (mleta mada)

Wakuu, habari za Jumapili. Nina paji la uso refu na pana, mtaani tunaita komwe. Uso wenyewe ni mrefu, juu umepanuka na chini kidevu kimechongoka. Nimezaliwa nalo na silionei aibu, ila napenda sana kofia na nataka nikivaa ikae kama inavyowakaa wengine.

Mwezi ujao mdogo wangu anaoa. Sherehe ni ya mchana, ufukweni Kigamboni, na ndugu wa kiume tumekubaliana mashati meupe ya kitani na kofia, kila mtu ajichagulie yake. Mpaka sasa nimenunua tatu. Ya kwanza ni kapelo nyeusi, mbele imesimama wima na mdomo wake ni bapa kama ubao. Ya pili ni kapelo laini ya kitambaa cha kadeti. Ya tatu ni pama ya ukili yenye ukingo mwembamba uliokunjwa juu kidogo.

Dukani zote zilinikaa vizuri. Nikifika nyumbani nikipiga picha, paji lote liko nje. Ile ya kadeti naivuta mpaka karibu na nyusi, dakika kumi haziishi imepanda yenyewe. Muuzaji wa dukani aliniambia nimenunua namba ndogo, nikarudi kubadilisha nikapewa kubwa zaidi, nayo ikapanda vilevile, safari hii ikawa inacheza pembeni.

Naomba anayejua kweli anisaidie. Shida ni urefu wa mdomo wa kofia, ni aina ya kofia, au ni kichwa changu?

Msafi wa Upanga

Mkuu jibu ni moja tu, ukingo mpana. Kadiri ukingo unavyokuwa mpana ndivyo paji linavyofichika, haina mjadala. Hizo kapelo achana nazo. Tafuta pama ya ukingo wa sentimita 10 hivi, hata ukikaa mbele ya kamera hakuna atakayeona paji. Mimi nina mbili na nimemaliza shida zote.

Mzee Chang'ombe

Mwanangu, hongera kwa shughuli ya mdogo wako. Kwa ndoa usihangaike na mapama. Tafuta kofia ya vito, ile iliyotariziwa kwa mkono, matundu yake yamekaa sawasawa na uzi haujavimba. Ishike kwenye mwanga uitazame kwa ndani: iliyofanywa na mtu mwenye mkono mzuri, kwa ndani inakaribia kufanana na nje. Ifuliwe, itiwe wanga, ikaushwe juu ya sufuria inayolingana na kichwa chako ili isipoteze duara. Vaa na kanzu, utapendeza kuliko wote hapo ufukweni.

Mwenda Feri

Shikamoo mzee. Nakushukuru sana, na kofia ya vito ninayo, nitaivaa asubuhi kwenye kufungisha ndoa. Hii ninayouliza ni ya sherehe ya mchana, ya kuvaa na shati. Na kweli ile ya vito nayo inaliacha paji lote wazi, ila kwa ile sioni vibaya, sijui kwa nini.

Muuza Kofia Ilala

Mleta mada, nauza kofia za mtumba Karume mwaka wa 14 sasa, na nyingine nazifumua na kuzishona upya. Nitakujibu taratibu, kwa sababu wateja wengi wanaokuja na shida yako wanauziwa dawa ya ugonjwa mwingine.

Kinachoficha paji ni vitu viwili, na watu wanavichanganya. Kwanza ni mahali kofia inapokaa kichwani, yaani mkanda wake wa jasho umegusa paji sentimita ngapi juu ya nyusi. Pili ni mdomo umeinama kiasi gani kutoka hapo. Urefu wa mdomo unakuja baada ya hivyo viwili. Mdomo mrefu usioinama hauna kazi kwa mtu anayekutazama uso kwa uso, anaona paji lako lote chini yake kama anavyoona ukuta chini ya bati.

Fanya jaribio hili. Vaa hiyo kapelo nyeusi, simama ubavu mbele ya kioo, shika kalamu au rula ukiigusisha kwenye ncha ya mdomo wa kofia, kisha ilaze sawasawa kuelekea usoni kwako. Pale inapogusa ngozi ndipo mtu wa kimo chako anapoanza kukuona. Kila kilicho chini ya hapo kiko wazi. Kwa mdomo bapa utaona rula inagusa palepale mkanda ulipo, maana yake mdomo wako wa sentimita 7 haujaficha hata kidogo. Kapelo ya kawaida iliyoshonwa ikiinama, mdomo huohuo wa sentimita 7, ncha yake inashuka kama sentimita 2 na nusu chini ya mkanda. Hizo ndizo unazozipata.

Ndiyo maana nampinga kidogo mkuu wa Upanga. Ukingo mpana unasaidia ukiwa umeinama. Ukingo wa sentimita 10 uliolala bapa unakupa kivuli, na kivuli kina faida yake, lakini paji linabaki palepale linaonekana.

Sasa hiyo kadeti inayopanda. Hiyo haina uhusiano na namba. Namba ni mzunguko wa kichwa. Inayopanda ina kina kifupi, yaani utosi wako unagusa dari ya kofia kabla mkanda haujafika chini. Ukiivuta unalinyoosha lile dari, ukiachia linarudi. Ndiyo maana ulipopewa kubwa zaidi ikaanza kucheza pembeni na bado ikapanda: umeongezewa upana, kina kimebaki kilekile.

Naomba vipimo. Chukua futi ya fundi cherehani. Nipe mzunguko wa kichwa, futi ipite juu kidogo ya masikio na vidole viwili juu ya nyusi. Kisha anzia hapohapo vidole viwili juu ya nyusi, pandisha futi katikati ya kichwa mpaka nyuma juu kidogo ya kile kinundu cha kisogo. Halafu pima kofia ya kadeti kwa njia hiyohiyo kwa ndani, kutoka mkanda wa mbele, juu, mpaka mkanda wa nyuma. Na mwisho pima uso: nywele mpaka nyusi, nyusi mpaka chini ya pua, chini ya pua mpaka kidevuni.

Kijana Sinza

Mimi nimeumia kidogo kusikia mdomo bapa unasemwa vibaya. Navaa bapa tangu sekondari na nina uso wa duara, mashavu kama maandazi, na ndiyo kofia pekee inayonipa umbo. Nikivaa mdomo uliokunjwa sana uso unazidi kuwa mpana.

Muuza Kofia Ilala

Hujakosea kijana, na hakuna ubaya. Wewe na mleta mada mna nyuso tofauti kabisa. Uso wako una upana, umepungukiwa urefu. Kapelo yenye mbele iliyosimama inakuongezea urefu juu, na ukiiacha paji lionekane kidogo uso unarefuka zaidi. Mdomo uliokunjwa sana unakuwa mwembamba kuliko mashavu, kwa hiyo mashavu yanatokeza pembeni yake, ndiyo hayo uliyoyaona. Mleta mada ana urefu tayari. Ile mbele iliyosimama wima inamwongezea sentimita nyingine juu ya komwe. Kofia yako nzuri ndiyo kofia yake mbaya.

Dada wa Tabata

Naomba niingie na mimi, labda kisa changu kitasaidia. Mimi ni mfupi, mita 1 na sentimita 52, uso wa duara, paji dogo la kawaida. Kila Jumapili navaa kofia kanisani. Mwaka jana kwenye harusi ya rafiki nilivaa kofia yenye ukingo mpana ulioanguka chini pande zote, nilipojiangalia kwenye kioo cha chumbani nilijipenda. Picha zilipokuja sina macho. Picha zote ni ukingo, pua na lipustiki. Niliumia kweli maana nilikuwa msimamizi wa bibi harusi, nimo katika kila picha.

Kwa hiyo mimi shida yangu ni kinyume. Kofia inameza paji na macho. Kwa nini kwenye kioo haikuonekana?

Mpiga Picha Mbezi

Dada, kioo kinakutazama kwa kimo chako mwenyewe. Watu hawakutazami hivyo. Wewe ni mfupi, kila anayekutazama anakutazama kutoka juu, na mpiga picha wako naye inaelekea alikuwa amesimama wima. Kutoka juu ukingo unashuka usoni. Tunaowapiga picha wavaa kofia tunapaswa kushusha kamera mpaka usawa wa kidevu chao, na mtu mfupi tunapiga magoti kabisa. Asiyefanya hivyo anakuletea picha za lipustiki.

Kwa mleta mada naomba kuuliza: una kimo gani? Kama ni mrefu, mambo yako yako upande wa pili.

Tena jambo jingine. Usijipime kwa selfi ya mkono. Kamera ya simu ikiwa karibu inakikuza kilicho mbele yake zaidi. Ukiishika juu, paji linakaribia kamera na linavimba kuliko lilivyo, na kama una kofia basi mdomo wa kofia ndio unaovimba. Mpe mtu simu asimame hatua nne mbali, hapo utaona ukweli.

Mwenda Feri

Wakuu nimetulia na futi kama nilivyoelekezwa, mke wangu kanisaidia kupima.

Kimo changu ni mita 1 na sentimita 83.
Mzunguko wa kichwa 60.
Kutoka mbele kupitia utosini mpaka nyuma 33.
Kofia ya kadeti kwa njia hiyohiyo 29 na nusu.
Nywele mpaka nyusi 8 na nusu. Nyusi mpaka chini ya pua 6. Pua mpaka kidevuni 6 na nusu.

Jaribio la rula nimelifanya. Kapelo nyeusi rula imegusa palepale mkanda ulipo, sentimita 5 juu ya nyusi. Nilishangaa, maana nilikuwa naamini ule mdomo unanifunika.

Muuza Kofia Ilala

Sasa tunaongea. Tazama hiyo 33 na hiyo 29 na nusu. Kofia imepungua sentimita 3 na nusu, na hizo ndizo zinazopanda kila ukiivuta. Hakuna fundi wa kukusaidia hapo kwa urahisi. Pama laini ya kitambaa ningeweza kuifumua ukingo nikaongeza ukanda mwembamba katikati, haionekani ukipata kitambaa kinachofanana. Kapelo mdomo umeshonewa palepale kwenye mkanda na ndani una plastiki na gamu, ukiufumua haurudi ulivyokuwa. Mpe ndugu mwenye kichwa kifupi.

Twende kwenye uso. Watu wanaochora na wanaosuka nywele wanaugawa uso mafungu matatu: paji, pua, na mdomo mpaka kidevu, na wanapenda yakaribiane. Wewe pua 6, chini 6 na nusu, paji 8 na nusu. Paji limezidi sentimita 2 hadi 2 na nusu. Usijaribu kulifunika lote 8 na nusu. Ukilifunika lote, nyusi zinapotea, na uso uliochongoka chini ukiondolewa juu yake kinabaki kidevu tu. Unachohitaji ni paji linaloonekana libaki dogo sana kuliko pua, na juu yake pawe na mstari wa kulala unaokata urefu.

Kwa hiyo tafuta kofia yenye kina cha 33 au zaidi kidogo, ikae yenyewe sentimita 3 juu ya nyusi bila kuvutwa. Mdomo wa sentimita 7 ukiinama unashusha 2 na nusu, mtu wa kimo chako ataona nusu sentimita tu ya paji juu ya nyusi. Sasa wewe ni mrefu, wengi wanakutazama kutoka chini. Aliyesimama hatua moja mbali na macho yake yakiwa sentimita 15 chini ya yako, anakupunguzia kama sentimita 1 ya huo mfuniko. Ataona sentimita moja na nusu. Bado ni nzuri mno ukilinganisha na 5 unazoonyesha leo. Akisogea mbali zaidi, tofauti inapungua, kwa sababu macho yake yanakutazama karibu sawasawa.

Na kwa kuwa ni harusi na umeshasema shati la kitani, kapelo iache. Kwa uso wako ningekupa pama yenye kichwa cha chini cha mviringo, kisichochongoka juu, na ukingo wa sentimita 6 hivi unaoinama mbele. Zile pama laini za kitambaa ambazo ukingo umeanguka nusu njia, ukingo wa 6 unashusha kama sentimita 4, huo ni mwingi. Hizo zivae zikae juu zaidi kichwani, au mbele upandishe kidogo. Hiyo ya ukili uliyonayo ina ukingo mwembamba na tena umekunjwa juu, imefanya kinyume cha yote mawili.

Namna ya kujua kina dukani bila futi: vaa kofia, ishushe mpaka pale unapotaka, achia, kisha tikisa kichwa mara tatu na uiname kama unayefunga kamba za viatu. Ikibaki palepale, kina kipo. Ikipanda hata unene wa kidole, irudishe mezani. Na ingiza kidole kati ya utosi na dari ya kofia, kisibanwe.

Msafi wa Upanga

Nimekuelewa kwa sehemu. Lakini mkuu hapo umesahau jua. Sherehe ni mchana Dar, na mwanzoni mwa Machi na karibu tarehe 10 Oktoba jua linapita utosini kabisa. Saa sita ya hapa kivuli cha ukingo kinashuka wima. Ukingo wangu wa 10 hata ukiwa bapa unatia kivuli uso mzima mpaka mashavuni, na kilicho kivulini hakionekani kama kilicho juani. Jua likianza kuinama, wa 6 unaishia puani. Kwa hiyo bado nasema upana una nguvu.

Mpiga Picha Mbezi

Uko sawa kuhusu kivuli, ila kwenye picha kivuli kigumu cha jua la saa sita ni adui. Nusu ya uso inakuwa nyeusi, pua na kidevu vinang'aa. Kwa ngozi zetu nyeusi kamera ya simu inaamua ama paji na macho viwe giza, ama shati jeupe liungue. Mchanga mweupe wa ufukweni unasaidia kwa sababu unarudisha mwanga kutoka chini, lakini mwanga huohuo wa chini ndio unaolitoa paji lililokuwa limejificha chini ya ukingo bapa. Mwambieni mpiga picha asubiri saa kumi, au awaweke chini ya mnazi.

Muuza Kofia Ilala

Na upepo, Upanga. Ukingo wa 10 Kigamboni mchana, upepo wa kusi ukiamka, unashika kofia mkono mmoja siku nzima. Nakubaliana nawe kwamba mtu anayekaa juani, mvuvi au mwenye shamba, upana ndio wa kwanza. Huyu anatafuta umbo.

Kijana Sinza

Swali la haraka. Nikitaka kuukunja mdomo bapa kidogo tu, niufanyeje bila kuuvunja?

Muuza Kofia Ilala

Kwanza jua ndani kuna nini. Ugonge kwa ukucha. Plastiki inalia kavu, ukiupinda unarudi. Karatasi ngumu sauti yake imezama, ukiupinda unabaki na mstari wa kunja, na ukiloa mvua ya masika moja umekwisha. Wa plastiki ushike juu ya mvuke wa sufuria kidogo, uingize kwenye kikombe kipana kingo zikiwa zimejikunja, uache usiku mzima. Wa karatasi usitie mvuke kabisa, pinda kwa viganja kidogokidogo siku kadhaa. Ukikunja, pembe mbili za mdomo zinashuka kwenye panja, upana unaoonekana mbele unapungua. Kwa mashavu yako kunja kidogo tu, mdomo usiwe mwembamba kuliko umbali wa jicho hadi jicho ukihesabu pembe za nje.

Mwenda Feri

Nimerudi wakuu, leo nilikuwa Karume tangu saa tatu asubuhi. Nilienda na futi mfukoni na karatasi yenye namba zangu. Wauzaji wengine walinishangaa nikipima kofia kwa ndani, mmoja akanisaidia kushika.

Nilipima kofia 19. Kapelo nyingi zilikuwa kati ya 29 na 31, ndipo nikaelewa kwa nini miaka yote zinanipanda. Nilipata pama moja ya kitani rangi ya mchanga, kichwa cha mviringo cha chini, kina 33 na nusu, ukingo sentimita 6. Nimeivaa nikatikisa kichwa, nikainama, imebaki. Mkanda unakaa sentimita 3 na kidogo juu ya nyusi. Rula inagusa sentimita moja hivi juu ya nyusi.

Mke wangu alinipiga picha akiwa hatua nne mbali, yeye ni mfupi kwangu. Paji lipo, linaonekana kidogo, na uso umekaa mfupi. Alichoniambia ni kwamba kwa mara ya kwanza ananiona nimevaa kofia badala ya kofia kuniangalia kutoka juu. Nimefurahi sana, nawashukuru.

Shida moja imebaki. Nikiangaliwa kwa mbele, pembeni ya masikio ukingo umetanuka na kidevu changu kinazidi kuonekana chembamba. Hilo silijui kama ni kofia au ni uso.

Muuza Kofia Ilala

Hongera kwa kuwa na subira ya kofia 19. Hilo la kidevu ni la kweli, ukingo mpana pembeni unapanua juu, na wewe juu umeshapanuka. Upeleke kwa fundi aupige pasi pembeni ushuke kidogo, mbele auache. Au uinamishe upande mmoja, kidole kimoja tu, mstari ukipita mshazari paji pana halionekani pana. Ukizidisha hapo inakuwa kofia ya sinema. Ndevu fupi zilizopunguzwa vizuri nazo zinajaza kidevu, ila hilo ni la kinyozi.

Msafi wa Upanga

Mimi kidevu chembamba ningekiacha. Nimepima pama zangu mbili jioni hii. Moja kweli ukingo ni bapa na rula imegusa mkandani, nyingine imeinama. Na ni kweli hiyo ya pili ndiyo wanayonisifia. Lakini ya bapa navaa zaidi kwa sababu ya jua la kuvuka barabara mchana, na sitaiacha.

Mzee Chang'ombe

Mwanangu mleta mada, uliuliza kwa nini ya vito huioni vibaya. Mimi nadhani ni kwa sababu haina ukingo, kwa hiyo haiahidi kulificha paji. Inakaa juu yake kama taji, duara juu ya duara. Tena ya vito yenye kimo cha vidole vinne kwa uso wako inatosha, usichukue ya vidole vitano. Na usiisukume nyuma, iweke mbele pale nywele zinapoanzia.

Muuza Kofia Ilala

Mzee amesema jambo ambalo mimi sikulifikiria, na kwenye kimo cha kofia yuko sahihi kabisa. Hilo la kuahidi nitalifanyia kazi, sina hakika kama lina jibu la futi.

Dada wa Tabata

Nami nimefanya jaribio la rula, ila nikamwomba kaka yangu mrefu ashike simu juu usawa wa macho yake. Ni kweli, ukingo unafika katikati ya macho. Nimeukunja mbele juu kidogo nikaushikiza kwa pini ya maua, macho yametoka. Ahsanteni.

Ila nina swali jingine. Wiki ijayo nasuka rasta ndefu, nazifunga fundo juu. Kofia ileile ikikaa juu ya rasta inapanda karibu vidole vitatu na paji langu dogo linakuwa refu ghafla. Ninunue yenye kina zaidi, au nizifungie chini?

Muuza Kofia Ilala

Dada, usipime leo. Pima siku umeshasuka, futi ipite juu ya rasta kama ipitavyo juu ya kichwa, mara mbili: fundo likiwa juu, na fundo likiwa kisogoni. Niletee namba zote mbili hapa.